Bango la Harusi Lililokosa Herufi Moja

Hotuba kwa vijana waliomaliza mafunzo ya uandishi wa mabango na uchapaji, Tanga

Mwenyekiti, walimu, wazee wangu mafundi mliokaa mbele, na ninyi vijana mnaomaliza leo. Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Niliambiwa nije nizungumzie usahihi wa maandishi kazini. Ningeweza kuja na kanuni zangu nikawasomea, nanyi mngenipigia makofi ya adabu na kuzisahau kabla ya chakula cha mchana. Kwa hiyo nimekuja na hadithi. Ni ya kubuni, msianze kutazamana, sikumtoa mtu wa karakana yoyote hapa mjini. Ila kazi iliyomo ndani yake ni ya kweli. Kila kitufe kitakachobonyezwa humu, mkifika nyumbani mnaweza kukibonyeza na mtaona jambo lile lile.

Paukwa!

(Ukumbi: Pakawa!)

Palikuwa na karakana huko Ngamiani, kwenye mojawapo ya zile barabara zetu za namba. Mlango wake ulikuwa wa mbao, na haukuwa na rangi moja, kwa sababu kila brashi iliyooshwa ilifutiwa pale. Mwenye karakana watu walimwita Mzee Brashi. Alikuwa na mwanagenzi mmoja tu, binti, na jina lake la kazi lilikuwa Chaki, kwa kuwa muda wote alikuwa na kipande cha chaki nyuma ya sikio.

Mzee Brashi alikuwa wa zama za rangi ya mafuta, ile rangi ya kung'aa ya kopo, rangi aliyoitumia Edward Saidi Tingatinga kuchora kwenye vibao kule Dar es Salaam kabla hajafariki mwaka 1972. Kwa rangi hiyo Mzee aliandika maduka, mabasi, mitumbwi na vibao vya zahanati. Mabango ya harusi aliyaandika kwenye kitambaa cha marikani, na hapo ndipo alipojifunzia woga wake. Ukutani, ukikosea herufi na rangi bado mbichi, unachukua kitambaa chenye thina unafuta, unaanza upya. Kwenye marikani hakuna kufuta. Rangi inanywewa na uzi papo hapo. Ukipaka nyeupe juu yake, jua likipiga kwa nyuma ile herufi ya zamani inaonekana kama mtu aliyejificha nyuma ya pazia.

Kwa sababu hiyo alikuwa na desturi moja ambayo Chaki aliichukia miezi yote ya mwanzo. Kabla brashi haijagusa kitambaa, maandishi yote ya chaki lazima yasomwe kinyumenyume, herufi kwa herufi, kwa sauti, kuanzia ya mwisho kwenda ya kwanza. Si neno, herufi. DUKA LA NYAMA linasomwa A, M, A, Y, N. Wapita njia walikuwa wakisimama kuwasikiliza, wanadhani ni dua.

Baadaye kompyuta zikaingia, na marikani ikatoka. Mzee hakununa. Alinunua kompyuta iliyotumika, akamwambia Chaki ajifunze CorelDRAW, wakawa wanatayarisha mafaili na kuyapeleka kwa flashi kwenye duka la jirani lenye mashine kubwa ya kuchapa fleksi. Mkono wa Mzee ulibaki kwenye magari na kuta. Mabango ya harusi yakawa ya Chaki.

Sasa, Ijumaa moja, saa kumi jioni, likaingia bango. Halikutengenezwa pale. Kamati ya harusi ilikuwa na kijana wao wa kubuni, aliyetengeneza kila kitu na kuwatumia kwenye kundi lao la WhatsApp, wakaangalia, wakakubali. Yeye mwenyewe alikuwa safarini tangu mchana na simu haipatikani. Karakana iliombwa jambo dogo tu: kuhakikisha ukubwa ni mita 3 kwa mita 1.5, kuweka pembezoni alama za pete za kulitundikia, na kulipeleka likachapwe kabla mashine haijazimwa saa moja usiku. Harusi kesho yake.

Chaki akafungua faili. Mawaridi kushoto, mawaridi kulia. Mstari wa juu, herufi za sentimita 12: MUNGU IBARIKI. Chini yake, kwa herufi za sentimita 30, dhahabu inayoanza imekolea kushoto na kung'aa kadiri inavyokwenda kulia: DOA HII. Kisha majina ya maharusi, tarehe na ukumbi.

Naona mmecheka. Mmecheka kwa sababu nimelitamka. Watu wa kamati hawakulitamka, walilitazama. Walikagua majina kama yamekaa sawa, wakakagua tarehe, wakabishana kuhusu mawaridi, na yule mama aliyelipia ukumbi akahakikisha jina la ukumbi limeandikwa. Hakuna aliyekagua lile neno kubwa kuliko yote. Na ndivyo ilivyo katika kazi yetu, vijana: kosa kwenye namba ya simu iliyoandikwa kwa herufi ndogo mtu atalikamata, maana ile anaisoma tarakimu kwa tarakimu. Neno kubwa la katikati halisomwi. Jicho linachukua umbo lake, kichwa kinajaza kilichobaki, na kichwa cha mtu aliye kwenye maandalizi ya harusi kina neno ndoa tayari, hakihitaji kuonyeshwa N.

Chaki naye hakuliona kwa kutazama. Aliweka alama za pete, akapima kingo, akawa tayari kuchomoa flashi. Desturi ndiyo iliyomrudisha kwenye kiti. Akaanza kutoka mwisho wa mstari wa pili: I, I, H. A, O, D. Akasubiri herufi inayofuata. Haikuwepo.

Hapa msikilizaji asiyejua kazi atasema, si aongeze N tu, kuna shida gani? Chaki naye alifikiri hivyo. Akabonyeza mara mbili kwenye neno ili mshale wa kuandikia utokee. Haukutokea. Badala yake herufi zilijaa vijinukta pembezoni. Yule mbunifu alikuwa ameyageuza maandishi yote kuwa michoro kwa amri ya Convert to Curves, yaani Ctrl+Q. Na alifanya vizuri, tusimlaumu kwa hilo. Faili likifunguliwa kwenye kompyuta isiyo na fonti uliyotumia, kompyuta inaweka fonti yake, na bango la harusi linatoka na sura ya barua ya mahakama. Ukigeuza kuwa michoro, sura inabaki. Gharama yake ni kwamba maandishi si maandishi tena. Kwa kompyuta, ile O si herufi, ni duara lenye tundu. Huwezi kuliandika upya, unaweza tu kulichonga.

Palikuwa na njia ya mkato. Katibu wa kamati alikuwa ametuma pia picha ya bango kwa WhatsApp, na kuna watu mjini humu, siwataji, ambao wangechukua picha ile, wakafuta hapa, wakapachika pale, wakachapa. Hesabu ya Chaki ilikuwa nyepesi. Picha ile ilikuwa na nukta 1,600 kwa upande wake mrefu. Ukizitandaza kwenye mita 3, kila nukta inakuwa mraba wa karibu milimita 2 kila upande, ulio wazi machoni, na kingo za herufi zinakuwa ngazi. Akaiacha.

Akaenda kutafuta N kwenye bango lenyewe. Ilikuwepo. MUNGU ina N, na fonti ni ile ile.

Kwanza akahifadhi faili kwa jina jingine, la zamani lisiguswe. Kisha akanakili MUNGU IBARIKI, akaiweka nakala pembeni nje ya bango, akabonyeza Ctrl+K ili mchoro ule mmoja uvunjike vipande, akaichukua N. Kutoka sentimita 12 kwenda 30 ni mara mbili na nusu, akaikuza asilimia 250. Urefu ukalingana na D hadi mwisho. Lakini N ilionekana mgonjwa. Akaisogeza karibu na D, akaona tatizo: zile herufi kubwa zilikuwa na ukingo wa kahawia wa milimita 5, na N ilikuja na ukingo wake wa milimita 2 kutoka mstari mdogo. Umbo lilikua, ukingo haukukua. CorelDRAW haikuzi ukingo pamoja na umbo mpaka uiambie. Akarudi nyuma, akabonyeza F12, akatia alama kwenye Scale with object, akaikuza tena. Mara mbili na nusu ya milimita 2 ni milimita 5. N ikapona.

Likaja tatizo la pili, na hili ndilo linalowafichua wengi. Dhahabu ya mstari ule ilikuwa moja, imetandazwa kutoka herufi ya kwanza hadi ya mwisho. N ilikuja na dhahabu yake peke yake: imekolea ubavu wa kushoto, imeng'aa ubavu wa kulia, kisha D inaanza tena na giza. Ukiwa karibu unaweza usione. Ukisimama mwisho wa ukumbi, unaona N ni mgeni.

Dawa yake ni kuzifanya herufi zote kuwa mchoro mmoja tena. Lakini Chaki alikuwa anajua kwamba zitahitaji kusogezwa kwanza, kwa hiyo akaivunja DOA HII kwa Ctrl+K. Mara D, O na A zikaziba matumbo. O ikawa chapati. Wanaoanza kazi hufadhaika hapa na kubonyeza kurudi nyuma haraka haraka, wakidhani wameharibu. Hawajaharibu. Tundu la herufi nalo ni kipande, na ukivunja, kila kipande kinajitegemea na kujazwa rangi. Chaki alichagua O na tumbo lake, akabonyeza Ctrl+L, tundu likarudi. Akafanya hivyo kwa D, akafanya hivyo kwa A. H na I hazina matumbo, hazikumsumbua.

Kisha akaisogeza N mahali pake, akaichagua N kwanza na D baadaye, akabonyeza B, miguu yao ikakaa mstari mmoja. O hakuigusa kwa B. Mzee alimfundisha hilo kwa uzi wa chaki, si kwa kompyuta: O iliyoandikwa vizuri hupita kidogo chini ya mstari na kidogo juu, maana ikisimama sawasawa na wenzake inaonekana fupi. Ukiilazimisha ikae juu ya mstari, unaiinua, na bango zima linaonekana lina jino lililong'oka.

Alipomaliza akamwita Mzee. "Mzee, njoo uone. Nimeirudisha N."

Mzee alikuja na brashi mkononi, akasimama nyuma sana, mlangoni, kama alivyozoea kuzitazama kuta. Akatazama muda mrefu.

"Umeipachika, mwanangu. Hujaiandika."

"Imepungua nini, Mzee?"

"Kati ya N na D umeacha nafasi gani?"

"Kama ya D na O."

"Ya D na O ni ya matumbo mawili yanayotazamana. N na D ni ukuta na ukuta. Nguzo mbili zikikaribiana hivyo, mtu anaona mlango mwembamba. Katafute nguzo mbili nyingine kwenye mstari huo huo, uone aliyeandika aliziachia nini."

Chaki akatazama. HII. Ile I na ile I ni nguzo mbili, hakuna tumbo wala mteremko katikati. Akachora mstatili mdogo uliojaa kabisa kati yao. Sentimita 4. Akauchukua mstatili ule, akaupeleka kati ya N na D, akaisogeza N mpaka ikaugusa, akaufuta mstatili. Sitaki mpite haraka hapo. Hakuwa na fonti, hakuwa na mbunifu, lakini kipimo cha nafasi kilikuwa kimeandikwa tayari ndani ya bango. Mstari wowote mrefu una nguzo mbili mahali fulani. Mzee alizoea kukibeba kipimo hicho kwa kijiti cha kiberiti alichokikata.

"Haya," Mzee akasema, "sasa tazama ulikompeleka mwenye bango."

Mstari uliokuwa na sentimita 170 sasa ulikuwa na 200: N yenyewe 26 na nafasi yake 4. Nyongeza yote ilikuwa imeingia kushoto. N ilikuwa imelala juu ya mawaridi, na maandishi yote yameegemea upande mmoja, kama mtu aliyebeba ndoo ya maji kwa mkono mmoja. Kati ya mawaridi ya kushoto na ya kulia palikuwa na sentimita 175 tu.

Chaki akashika kishikio cha ubavuni ili aubane mstari uingie. Mzee akamzuia kabla hajauachia. Ukiubana mstari kwa upande mmoja, nguzo zote zinakonda, lakini miamba ya kulala, ile ya katikati ya A na H, inabaki minene vile vile. Mtu wa kawaida hatajua kilichotokea, atasema tu bango hili rahisi. Ukitaka lipungue, lipungue kote. Akashika kona. Asilimia 87: mstari ukawa na sentimita 174, urefu wa herufi ukashuka kutoka 30 hadi 26, na ukingo ukashuka nao kwa kuwa kabla ya hapo alizitia herufi zote alama ile ya Scale with object. Akazichagua herufi zote, Ctrl+L, na dhahabu ikatiririka kutoka N hadi I ya mwisho bila kukatika. Akaupanga mstari katikati chini ya MUNGU IBARIKI.

Herufi zilipungua sentimita 4 na sidhani yupo mtu ukumbini ambaye angezidai.

Hapo Chaki, mkono ukiwa umechangamka, akashuka kwenye majina. Jina la bwana harusi lilikuwa na herufi mbili zinazofuatana ambazo kwa kawaida huandikwa moja. Akaichagua mojawapo ili aiondoe. Mzee akamshika bega.

"Hilo acha."

"Lakini Mzee, limekosewa."

"Jina la mtu halikosewi na fundi. Kama kwenye cheti chake cha kuzaliwa karani alitia mbili, basi ni mbili mpaka atakapokufa. Na kadi za mwaliko zimetoka. Muulize, usimsahihishe."

Niongeze hapo, nje ya hadithi. Kamusi zetu zina arusi na harusi, zote mbili halali. Mtu akikuletea ARUSI akiwa ameandika kwa mkono wake, hiyo si kazi yako kuisahihisha. Kilichokosewa na kilichoandikwa tofauti na unavyoandika wewe ni vitu viwili, na fundi asiyevitenganisha ni hatari kuliko asiyejua kuandika kabisa.

Hata ile N, ambayo hakuna binadamu angeibishia, Mzee alikataa ichapwe kabla wenyewe hawajakubali. Bango lilikuwa limeidhinishwa. Ukibadilisha kilichoidhinishwa bila kusema, siku ukikosea huna pa kujificha. Chaki akapiga picha mbili za mstari ule peke yake, wa zamani na mpya, akamtumia katibu wa kamati: "Naomba uangalie neno kubwa, la juu ni la kwenu, la chini tumelisahihisha."

Jibu likaja muda ule ule. Vidole gumba vitatu na "Safi sana, chapeni."

"Amekubali," Chaki akasema.

"Amejibu," Mzee akasema. "Mpigie."

Katibu alikuwa sokoni, kelele nyingi. Chaki akamsalimu, akamwambia, "Kaka, naomba ufungue ile picha ya juu unisomee neno kubwa."

"Nimeshaiona, dada. Mungu ibariki ndoa hii. Iko vizuri."

Chaki akamtazama Mzee. Katibu alikuwa ameisoma ile ya zamani, na ameisoma sahihi. Mzee akaomba simu.

"Mwanangu, hujambo?"

"Sijambo Mzee, shikamoo."

"Marahaba. Nisomee herufi, usinisomee neno. Neno kubwa, herufi ya kwanza ni ipi?"

"Ni N... hapana. D."

"Ya pili?"

"O." Kelele za soko zikasikika kidogo. "A." Kisha zikasikika kelele za soko peke yake, kwa muda.

"Mzee," katibu akasema, "nisubirini nimpe shangazi."

Shangazi wa bibi harusi alikuja kwenye simu akiwa amekwisha kukasirika, kwa kuwa aliambiwa tu kwamba watu wa bango wamebadilisha maandishi. Nani amewatuma? Kamati imekaa vikao, imepitisha, leo fundi anapitisha yake? Chaki hakubishana. Alimwomba afungue picha mbili zile na azisome herufi moja moja, kuanzia mwisho. Shangazi alisoma ya zamani mpaka D, akanyamaza. Akaomba asubiriwe avae miwani. Akasoma tena.

"Yallah! Doa? Kwenye harusi ya mtoto wetu?"

"Ndiyo, shangazi. Bado halijachapwa."

"Na hiyo ya chini?"

"Hiyo ndiyo tumeirekebisha. Ukisema ndiyo, tunaipeleka sasa hivi. Na jina la bwana harusi, zile herufi mbili ni sawa?"

"Hizo ni sawa, alizaliwa nazo. Chapa, mwanangu. Chapa haraka."

Saa kumi na mbili na robo Chaki alikuwa amesimama mbele ya mashine. Bango kama lile linatoka kwa vipande vyembamba, kichwa cha mashine kinakwenda na kurudi, na maandishi yanajitokeza kidogo kidogo. Alisubiri mpaka mstari wa pili ukamilike, akausoma kutoka kulia: I, I, H, A, O, D, N. Huo ndio wakati wa mwisho ambao kosa lina bei ndogo. Likishatoka, tiba iliyobaki ni kukata stika yenye herufi inayokosekana na kuibandika juu, na stika haing'ai kama fleksi, taa za ukumbi zikiwashwa inaonekana kama kiraka kwenye suruali ya sikukuu. Na hiyo ni kama mahali pa kuibandika papo. Kwa N hii hapakuwepo, palikuwa na waridi.

Likakatwa, likatiwa pete, likaviringishwa, si kukunjwa mara nne. Chaki akalibeba begani kulirudisha karakana. Alipofika, simu ilikuwa inaita. Shangazi tena, safari hii hasira zimemtoka, amebaki na hofu.

"Mwanangu, keki! Mama wa keki tulimpa picha hiyo hiyo! Aandike maneno hayo hayo juu ya keki! Mimi namtafuta nashindwa, mikono inatetemeka, nakutumia namba yake, mwambie wewe uliyeliona."

Chaki akapiga. Mama wa keki alipokea akiwa na kitu mdomoni, pengine ncha ya mfuko wa krimu. Chaki akamweleza: ile picha ina kosa, neno kubwa limekosa herufi ya mwanzo, kama hajaandika bado basi asiandike, na kama ameandika, basi atazame kama inawezekana kulirekebisha.

"Nimeandika tangu mchana," mama akasema. "Limeshakauka."

"Umeandika kama lilivyo kwenye picha?"

"Kama lilivyo. Picha nimeibandika hapa mbele yangu, nimeifuata neno kwa neno."

Chaki akafumba macho. "Mama, naomba unisomee herufi zilizo kwenye keki. Moja moja."

"Haya. N, D, O, A."

"Na kwenye picha?"

Kimya kidogo, kisha sauti ya karatasi inayobanduliwa ukutani.

"Ee! Mbona hapa wameandika doa?"

Hadithi yangu imeishia hapo. Kompyuta imewashwa pale nyuma na faili lenye mstari ule nimeliweka, lile la kabla ya N. Anayetaka kuona O ikigeuka chapati aje mezani baada ya chai. Ahsanteni sana.